Dola Iko Mbele ya Nini? Fomula ya Mgawo Inapoteremshwa Chini ya Safu

Ndugu waweka hazina, makatibu, na nyote mnaotunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, habari za mchana.

Mada niliyopewa ni alama ya dola ndani ya fomula za Excel. Alama hii haihusiani na fedha. Shiti yako inaweza kuwa ya shilingi tupu na bado ukaihitaji. Nitaieleza kwa kutumia hesabu moja tu, ile ya kugawa faida mwisho wa mzunguko. Nimeichagua kwa sababu humo dola ikikosewa, mwanachama mmoja anaondoka na pesa za mwenzake, na mara nyingi kompyuta haisemi lolote.

Tuiweke shiti mbele yetu. Nimechukua wanachama sita ili kila mmoja aweze kufuata kwa kalamu, lakini kwenu mnaweza kuwa 30 au 60.

```
    A           B      C        D       E        F
1   Mwanachama  Hisa   Mgawo    Deni    Faida    1200000
2   Asha        40
3   Baraka      25
4   Chausiku    60
5   Daudi       35
6   Eliza       50
7   Fatuma      30
8   Jumla       240
```

Hisa ni 240 na faida ni shilingi 1,200,000. Kila mmoja anapata kulingana na hisa zake: unachukua hisa zake, unagawa kwa jumla ya hisa zote, unazidisha kwa faida. Kwa Asha ni 40 kugawa kwa 240 mara 1,200,000, jibu 200,000. Maana yake kila hisa imezaa shilingi 5,000. Naomba muikumbuke hiyo 5,000, tutairudia.

Sasa tuandike fomula kwenye C2 kama mtu yeyote angeiandika mara ya kwanza:

```
=B2/B8*F1
```

Unabonyeza Enter, inakuja 200,000. Sahihi kabisa. Unashika kile kimraba kidogo kwenye kona ya chini kulia ya seli, unaburuta hadi C7. Kuanzia C3 mpaka C7 yanatokea maneno haya haya: `#DIV/0!`.

Wengi wakifika hapa hufuta kila kitu na kuanza kuandika fomula moja moja kwa mkono. Msifanye hivyo. Bofyeni C3 mtazame juu, kwenye mwambaa wa fomula. Mtakuta hivi:

```
=B3/B9*F2
```

B2 imekuwa B3, na hilo ndilo tulilolitaka, kwa sababu hisa za Baraka ziko B3. Lakini B8 nayo imeteremka ikawa B9, ambayo haina kitu, na F1 imekuwa F2, nayo haina kitu. Excel inaihesabu seli tupu kuwa sifuri, na hakuna kugawa kwa sifuri. Ukiendelea hadi C7 utakuta `=B7/B13*F6`. Fomula imetembea mistari mitano, na kila anwani iliyokuwa ndani yake imetembea nayo.

Sababu yake ni hii. Unapoandika B2 ndani ya C2, unadhani umeiambia kompyuta "seli ya B2". Ukishainakili fomula hiyo, kompyuta inaisoma kwa namna nyingine: "seli iliyo kushoto kwangu, mstari huu huu". B8 inaisoma "safu moja kushoto, mistari sita chini". F1 inaisoma "safu tatu kulia, mstari mmoja juu". Kinachohifadhiwa ni umbali kutoka pale fomula ilipokaa. Ukiihamishia Baraka, umbali unabaki ule ule, kwa hiyo mistari sita chini ya mstari wa 3 ni mstari wa 9. Hiyo ndiyo anwani inayohama. Tabia hii si kasoro. Bila hiyo tungeandika fomula 60 kwa wanachama 60.

Programu ya VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979 kwa kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, ilikuwa ikimuuliza mtu wakati wa kunakili, anwani moja baada ya nyingine: hii ibaki au ifuate? Lotus 1-2-3 ilipokuja mwaka 1983, jibu la swali hilo lilikuwa linaandikwa ndani ya fomula yenyewe, kwa alama ya dola. Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc zote zinafuata utaratibu huo mpaka leo. Nawaomba muitazame dola kwa jicho hilo, kama jibu la swali "nikinakiliwa, nibaki au nifuate?" Hakuna jingine inalofanya. Haizuii mtu kubadilisha namba iliyo kwenye seli, wala haibadilishi hesabu ya mstari wa kwanza hata kidogo. Ndiyo maana ukiikosea, mstari wa kwanza bado utatoka sahihi, na ukikagua mstari huo peke yake hutagundua kitu.

Basi tuulize swali hilo kwa kila anwani iliyomo kwenye fomula yetu. B2, hisa za mwanachama: kila mtu ana zake, kwa hiyo ifuate. B8, jumla ya hisa: ni moja kwa wote, kwa hiyo ibaki. F1, faida: nayo ni moja kwa wote, ibaki. Fomula inakuwa hivi:

```
=B2/B$8*F$1
```

Iteremsheni sasa. Asha 200,000, Baraka 125,000, Chausiku 300,000, Daudi 175,000, Eliza 250,000, Fatuma 150,000. Jumlisheni: 1,200,000 kamili.

Baadhi yenu mmezoea kuona `$B$8` na `$F$1`, yenye dola mbili, na mtajiuliza kwa nini nimeweka moja. Hapa ndipo penye kiini cha mada, naomba tutulie kidogo.

Anwani ya seli ina vipande viwili: herufi inayotaja safu na namba inayotaja mstari. Dola inafunga kipande kinachoifuata mara moja, basi. Katika `$F1`, kilichofungwa ni herufi F. Namba 1 iko huru. Katika `F$1`, kilichofungwa ni namba 1. Herufi iko huru. Katika `$F$1` vyote viwili vimefungwa. Sasa jiulizeni: fomula inapoteremshwa chini ya safu, ni kipi kinachobadilika? Ni namba peke yake. Ukitoka C2 kwenda C3 hujaondoka kwenye safu C, kwa hiyo herufi hazina sababu ya kusogea. Ukifunga herufi tu, umefunga kitu ambacho hakikuwa kinasogea, na kinachosogea umekiacha huru.

Ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye shiti za vikundi: mtu ameambiwa "weka dola", ameandika `$F1`, anaona dola ipo, anaamini amemaliza. Akiteremsha inakuwa `$F2`, `$F3`, `$F4`, sawasawa na kama asingeweka dola kabisa. Kwa hiyo ukiona fomula yenye dola na bado majibu yanaharibika kadiri unavyoshuka, usiseme dola haifanyi kazi. Tazama iko mbele ya nini.

Kinyume chake, kama unanakili kwenda kulia, kutoka C kwenda D na E, zinazosogea ni herufi, na hapo dola inatakiwa mbele ya herufi. Mkiwa na uhakika kwamba fomula itashuka tu, `F$1` inatosha. Mkiwa na shaka, wekeni zote mbili; kwa seli moja inayotumiwa na wote, kama faida au kiwango cha riba, dola ya ziada haina madhara.

Lakini dola ya ziada ina madhara makubwa ikiwekwa kwenye anwani iliyotakiwa kufuata. Mtu aliyeungua na `#DIV/0!` huamua kufunga kila kitu:

```
=$B$2/$B$8*$F$1
```

Akiteremsha, hakuna kosa lolote linalotokea. Kila mwanachama anapata 200,000, kwa sababu wote sita wanahesabiwa kwa hisa za Asha. Na sasa angalieni hatari yake: 200,000 mara sita ni 1,200,000. Jumla ya mgawo inalingana na faida hadi shilingi ya mwisho! Imetokea hivyo kwa sababu hisa 40 za Asha ni wastani kamili wa kikundi hiki, 240 kwa watu 6. Kwenye kikundi kingine jumla ingepishana na kosa lingeonekana. Hapa Chausiku amepoteza 100,000 yake, Baraka ameongezewa 75,000, na hesabu ya jumla imekubali. Kwa hiyo kulingana kwa jumla ni ushahidi, ila hakutoshi peke yake.

Mpaka hapa makosa yanaonekana kwa jicho, ama kwa `#DIV/0!` ama kwa namba moja kujirudia. Sasa nataka tuingie kwenye makosa ya kimya, yanayotoa namba nzuri zenye sura ya ukweli.

La kwanza linatokana na kuweka `SUM` ndani ya fomula. Tuseme mtu ameufuta mstari wa Jumla, akaamua kujumlisha hapo hapo, na akakumbuka kufunga faida:

```
=B2/SUM(B2:B7)*F$1
```

Kwa Asha ni 40 kugawa kwa 240, jibu 200,000, sahihi. Kwa Baraka eneo limeteremka likawa `B3:B8`. Hisa za Asha zimetoka nje ya eneo, na B8 sasa haina kitu, kwa hiyo jumla ni 200 badala ya 240. Baraka anapata 150,000 badala ya 125,000. Kwa Chausiku jumla imeshuka hadi 175, naye anapata 411,429. Daudi anapata 365,217, Eliza 750,000. Fatuma, aliye mwisho, eneo lake limebaki na hisa zake mwenyewe tu, 30 kugawa kwa 30, na anapewa faida yote ya kikundi, 1,200,000. Mgawo wote kwa pamoja umezidi shilingi 3,000,000.

Kwa watu sita kosa hilo linapiga kelele. Kwa watu 30 hali ni tofauti. Kama wote wana hisa sawa, mtu wa pili anagawiwa kwa jumla ya watu 29 badala ya 30, kwa hiyo anazidishiwa kama asilimia tatu na nusu tu. Wa tatu anazidishiwa kidogo zaidi, na kuendelea. Ukikagua mistari mitano ya juu kwa kuipitisha macho, utaona namba zinafanana fanana na utaridhika. Uharibifu mkubwa umejificha chini, ambako wengi hawafiki. Dawa ni kufunga namba za pande zote mbili za eneo:

```
=B2/SUM(B$2:B$7)*F$1
```

Nisisitize kwamba ni pande zote mbili. Ukifunga upande mmoja tu umetengeneza kitu kingine, ambacho wakati mwingine ndicho tunachokitaka. Fomula `=SUM(B$2:B2)` inaanza daima kwenye mstari wa 2 lakini mwisho wake unashuka pamoja na wewe. Ukiiteremsha inatoa jumla inayojikusanya: 40, 65, 125, 160, 210, 240. Inafaa sana kwa daftari la michango ya kila wiki, ambapo mnataka kuona kikundi kimefikia wapi kila tarehe. Huko nusu moja kufungwa na nyingine kuachwa ndiyo kazi yenyewe. Kwenye mgawo ni kosa.

Kosa la pili la kimya ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa linahusu madeni. Kabla ya kutoa mgawo tunakata mikopo iliyobaki. Tuseme wadaiwa wako kwenye shiti nyingine inayoitwa Mikopo, majina safu A na madeni safu B: Daudi 80,000 mstari wa 2, Asha 50,000 mstari wa 3, Fatuma 120,000 mstari wa 4. Kwenye shiti ya mgawo, D2, mtu anaandika:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Mikopo!A2:B4,2,FALSE),0)
```

Maana yake: tafuta jina hili kwenye orodha ya mikopo, lete deni lake, na kama halipo weka sifuri. Asha anapatikana, deni lake 50,000 linakuja. Fomula inateremshwa. Baraka sifuri, Chausiku sifuri, kweli hawadaiwi. Daudi sifuri. Fatuma sifuri.

Daudi anadaiwa 80,000! Lakini fomula ilipofika mstari wake, wa 5, eneo la kutafutia lilikuwa limeteremka likawa `Mikopo!A5:B7`, mahali pasipo na jina hata moja. `VLOOKUP` ilijaribu kusema `#N/A`, yaani sijapata, na `IFERROR` ikaifunika kwa sifuri. Fatuma naye hivyo hivyo. Kikundi kimetoa shilingi 200,000 ambazo kingezikata, na kwenye karatasi iliyochapishwa hakuna alama yoyote ya kosa.

Watu wengi huamini kwamba anwani ikiwa kwenye shiti nyingine haiwezi kusogea. Jina la shiti, yaani Mikopo, ndilo lisilosogea. Namba zilizo baada yake zinasogea kama kawaida. Mkanganyiko unatokana na jambo moja: ukibofya seli iliyo kwenye faili lingine kabisa, Excel inaweka dola zote yenyewe, ukibofya shiti nyingine ndani ya faili lile lile, haiweki. Fomula sahihi ni hii:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,Mikopo!A$2:B$4,2,FALSE),0)
```

Mnaweza pia kuandika `Mikopo!A:B`, safu nzima bila namba. Ikishuka haina namba ya kusogeza, na mkopo mpya ukiongezwa mstari wa 5 unaingia wenyewe. Kwa orodha inayokua mimi napendelea hii. Na wakati wa kutengeneza, acheni kwanza `IFERROR` nje. Iteremsheni fomula ikiwa uchi, hesabuni `#N/A` ni ngapi, linganisheni na idadi ya wasiodaiwa. Hapa zinatakiwa tatu: Baraka, Chausiku na Eliza. Zikilingana ndipo muifunike.

Sasa kuhusu kuiweka yenyewe. Hamna haja ya kuandika dola kwa mkono. Ukiwa ndani ya fomula, mshale wa kuandikia ukiwa umegusa F1, bonyeza kitufe cha F4. Mara ya kwanza inakuwa `$F$1`, ya pili `F$1`, ya tatu `$F1`, ya nne inarudi `F1`. Kwenye laptopu nyingi inabidi ushike Fn pamoja na F4, la sivyo utabadilisha sauti au mwanga wa skrini. Kwenye Mac ni Command na T. Kwa eneo kama `B2:B7`, litie kivuli lote kwanza ndipo ubonyeze, kisha tazama kwamba dola zimeingia pande zote mbili. Kwenye simu andikeni dola kwa kibodi ya kawaida, inakubali.

Tahadhari moja: kwenye Excel ya Windows, F4 ikibonyezwa ukiwa nje ya fomula inarudia kitendo cha mwisho ulichofanya. Kama kitendo hicho kilikuwa kufuta mstari, itafuta mstari mwingine. Hakikisha kwanza mshale unapepesa ndani ya fomula. Ukikosea, Ctrl na Z papo hapo.

Kuna mtego pia katika kuteremsha. Ukibofya mara mbili kile kimraba cha kona, fomula inashuka yenyewe hadi mwisho wa namba zilizo kwenye safu ya jirani. Kwenye shiti yetu safu B ina namba hadi B8, ambayo ni Jumla. Kama C8 ilikuwa wazi, fomula inaingia humo ikiwa `=B8/B$8*F$1`. Hiyo ni 240 kugawa kwa 240 mara faida, na itatoa 1,200,000 daima, hata kama migawo ya juu yake yote ni ya uongo. Mtu akiitazama anadhani ni jumla iliyolingana, kumbe haijajumlisha chochote. Kwa hiyo C8 iandikeni `=SUM(C2:C7)` kwa mkono, au burutani hadi mstari wa 7 tu mkaachia hapo.

Mwanachama akiongezeka, mtauliza, je, dola zitazuia fomula kuelewa? Hazizuii. Ukichomeka mstari mpya katikati ya orodha, Jumla inashuka kwenda mstari wa 9, na Excel inageuza `B$8` kuwa `B$9` yenyewe katika fomula zote, kwa sababu dola inajibu swali la kunakili tu, na hapa hakuna kilichonakiliwa. Vivyo hivyo ukikata seli kwa Ctrl na X ukaibandika kwingine: anwani zilizo ndani yake hazibadiliki, ziwe na dola au zisiwe nazo. Hivyo kama mnataka fomula ifuate mstari mpya, inakilini kwa Ctrl na C, msiikate. Na mstari mpya chomekeni katikati ya majina, msichomeke chini ya Fatuma juu ya Jumla, maana `SUM(B2:B7)` inaweza kubaki inaishia kwa Fatuma na mgeni akaachwa nje.

Nimalizie na ukaguzi kabla pesa haijahesabiwa mezani. Kwanza, kwenye safu tupu, tuseme G, andikeni `=C2/B2` mkateremshe hadi mstari wa 7. Hapa hakuna dola, kwa sababu kila mgawo unagawiwa kwa hisa zake. Majibu yote yanatakiwa kuwa 5,000. Ile fomula iliyofungwa kila mahali, ambayo jumla yake ilikubali, ingetoa 8,000 kwa Baraka na 3,333 kwa Chausiku. Ile ya `SUM` inayoteremka ingetoa 6,000 kwa Baraka na 40,000 kwa Fatuma. Mgawo kwa hisa moja ukitofautiana hata mstari mmoja, msitoe pesa.

Pili, nendeni kwenye mstari wa mwisho wa majina, siyo wa kwanza. Bofyeni C7, bonyezeni F2. Excel inazungushia fremu za rangi kila seli inayotumika. Fremu moja iwe kwenye B7, moja kwenye jumla, moja kwenye faida. Fremu ikiwa imezunguka seli tupu, hiyo ndiyo anwani iliyokosa dola. Fungueni pia D7 kwa F2, ila eneo la Mikopo liko shiti nyingine na fremu yake haitaonekana hapa, kwa hiyo someni namba zake ndani ya fomula yenyewe. Kila mkimaliza seli, bonyezeni Esc ili msibadilishe kitu.

Na kama kikundi ni kikubwa, shikeni Ctrl pamoja na kile kitufe cha alama ` kilicho chini ya Esc. Shiti yote itaonyesha fomula badala ya majibu. Someni safu C kutoka juu hadi chini: namba ya B ya kwanza ipande moja moja, 2, 3, 4, 5, na `B$8` na `F$1` zijirudie bila kubadilika. Humo mtaona pia kama kuna mstari ambao mtu ameandika namba kwa mkono badala ya fomula, kwa sababu utakuwa hauna alama ya sawasawa mwanzoni. Bonyezeni tena vitufe hivyo hivyo, majibu yatarudi.